Masasisho ya Windows ofisini: nani atangulie, nani awe wa mwisho

"Ofisi yetu ina kompyuta tisa na printa moja tu. Kuna haja gani ya kutanguliza kompyuta moja kila mwezi? Windows si inajisasisha yenyewe?"

Hoja ya kuiacha ijisasishe ina uzito kuliko mafundi wengi wanavyokubali. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka MS17-010 kuziba tundu katika SMB, njia ileile ambayo ofisi ndogo hutumia kugawana mafaili na printa. Siku 59 baadaye, tarehe 12 Mei, programu haribifu ya WannaCry ikaanza kupita kwenye tundu hilo, ikiruka kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubofya chochote. Waliolizwa siku ile hawakulizwa na masasisho mabovu, walilizwa na masasisho ambayo hawakuyaweka. Na ofisini neno "tunajaribu kwanza" lina tabia ya kuota mizizi: anayejaribu akisafiri au akiugua, majaribio hayaishi, na kompyuta nane zilizobaki zinakaa miezi na tundu wazi. Kama hakuna tarehe ya mwisho ya kujaribu, ni afadhali usijaribu kabisa.

Upande wa pili nao una tarehe zake. Masasisho ya mwezi hutoka Jumanne ya pili, saa nne asubuhi kwa saa za magharibi mwa Marekani, yaani saa mbili au saa tatu usiku Nairobi na Dar es Salaam, kutegemea Wamarekani wamesogeza saa zao au la. Kwa hiyo kwetu kasoro hujulikana Jumatano asubuhi. Jumatano ya tarehe 10 Machi 2021 kompyuta zilizokwisha kupokea masasisho ya mwezi huo, KB5000802, ziliwaka vizuri, intaneti ikafunguka, Excel ikafunguka. Kisha mtu akatuma ukurasa kwenye printa ya Kyocera au Ricoh, skrini ikageuka bluu na maneno APC_INDEX_MISMATCH, kompyuta ikajizima na kuwaka upya. Kiraka kilikuwa kimegongana na baadhi ya draiva za printa za aina ya 3. Zile za aina ya 4 hazikuguswa. Marekebisho, KB5001567, yalitoka tarehe 15.

Katika ofisi ya kompyuta tisa zilizosasishwa usiku mmoja, hiyo ni tangu Jumatano hadi Jumatatu bila kuchapa ankara, labda mtu ang'oe masasisho mashine moja baada ya nyingine. Kama moja ndiyo iliyotangulia, kasoro ingeonekana kwenye ukurasa wa kwanza, na meza nane zingeendelea na kazi. Lakini angalia sharti lililojificha hapo: ingeonekana tu kama kompyuta iliyotangulia inachapa. Ofisi nyingi hutanguliza laptopu ya akiba iliyo kabatini kwa sababu haimsumbui mtu. Laptopu hiyo ingefaulu kila jaribio la Machi 2021.

Hata kuchapa kwenyewe kunahitaji macho. Baada ya masasisho yaleyale ya Machi, printa nyingine hazikuleta skrini ya bluu; zilitoa karatasi zenye nembo iliyopotea, au msimbo wa QR uliogeuka kisanduku cheusi. Ukurasa wa majaribio wa Windows hauna ankara yako ndani yake. Chapa ankara halisi, na kama ina QR, kama ilivyo ya eTIMS kwa Kenya, isome kwa simu uone inafunguka. Kisha fungua programu ya hesabu, hifadhi faili kwenye folda ya pamoja, na uskani ukurasa mmoja kwenda kwenye folda hiyo. Ni kazi ya dakika ishirini hivi. Yanayobaki yatajitokeza mwenye kompyuta akifanya kazi zake za kawaida Jumatano na Alhamisi.

Sasa hapa ndipo wanaotetea jaribio la kompyuta moja huteleza. Kompyuta moja hukuonyesha kasoro iliyo ndani ya kompyuta hiyo. Haikuonyeshi kasoro inayokaa kati ya kompyuta mbili, na ofisi ndogo imejaa vitu vya namna hiyo.

Chukua ofisi hiyohiyo: printa imechomekwa kwa USB kwenye kompyuta ya mapokezi, na wengine wote wanachapa kupitia hiyo. Masasisho ya tarehe 14 Septemba 2021 yaliwasha kwa lazima ulinzi wa mawasiliano kati ya kompyuta inayogawa printa na zinazoitumia. Ulinzi huo unataka kompyuta zinazochapa nazo ziwe na masasisho, walau ya Januari mwaka huo. Tuseme fundi alichagua mapokezi itangulie. Mapokezi yenyewe inachapa bila tatizo, kwa hiyo jaribio "limefaulu". Malalamiko yanatoka meza nyingine zisizo na masasisho hayo: haziunganishwi na printa, zinatoa kosa 0x0000011b. Fundi anayesoma tukio hilo haraka ataona kwamba kiraka kimeharibu printa, atakiondoa, kila kitu kitarudi sawa, na ataamini amegundua kasoro. Kumbe alichogundua ni mpangilio wake mwenyewe. Wapo pia waliokimbilia kuweka thamani ya `RpcAuthnLevelPrivacyEnabled` katika rejista ya Windows kuwa 0 kwenye mashine inayogawa printa, jambo linalorudisha uchapaji kwa kulifungua tena tundu lililokuwa limezibwa. Kama kwenu liliwekwa na likasahaulika, mpaka leo liko hivyo.

Kwa hiyo ningechagua kompyuta ya kutangulia kwa kazi inayofanya, si kwa urahisi wa kuipata. Iwe ya mtu anayechapa kila siku kupitia mtandao, anayetumia programu ya hesabu na folda ya pamoja, na asiyeona aibu kulalamika. Kompyuta inayogawa printa au folda iwe ya mwisho kabisa, baada ya nyingine zote nane. Kuna gharama: hiyo ya mwisho ndiyo inayoguswa na kila mtu, nawe unaiacha bila kiraka kwa siku kadhaa zaidi. Naona gharama hiyo inabebeka zikiwa siku mbili tatu, si zikiwa wiki.

Siku mbili zinapangwaje? Kwenye Windows Pro, kompyuta zinazosubiri zinaweza kuambiwa ziyacheleweshe masasisho ya mwezi zenyewe, bila mtu kukumbuka. Fungua Command Prompt kama msimamizi kwenye kila moja:

```
reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v DeferQualityUpdates /t REG_DWORD /d 1 /f
reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v DeferQualityUpdatesPeriodInDays /t REG_DWORD /d 2 /f
```

Mashine ya mapokezi weka 3 badala ya 2. Kinachonipendeza katika njia hii ni kwamba ukimya wa fundi hauachi tundu wazi. Asiposema lolote, siku mbili zikiisha masasisho yanaingia. Ni yule anayetaka kuyazuia ndiye analazimika kuchukua hatua, kwa kubofya Pause kwenye Settings. Windows Home haifuati amri hizo. Huko kuna Pause tu, ya wiki moja hadi tano, na lazima ibofywe kabla ya Jumanne kila mwezi, ambalo ni jambo la kusahaulika mwezi wa pili.

Siku mbili kutoka Jumanne zinaangukia Alhamisi usiku, maana yake kompyuta saba zinaanza kupokea Ijumaa. Watu wa seva kubwa wataguna. Lakini ukiziacha hadi Jumatatu unagongana na kalenda nyingine: Jumanne ya pili huwa kati ya tarehe 8 na 14, na ritani ya VAT, Kenya na Tanzania, mwisho wake ni tarehe 20. Ijumaa waombe watu waziwashe upya saa saba wakienda kula au kuswali, si jioni wakifunga ofisi, ili kama kuna kasoro ionekane saa nane mchana huku wote wapo. Mwezi ambao Jumanne yenyewe ni tarehe 13 au 14, Ijumaa hiyo ni tarehe 16 au 17, na ofisi ya uhasibu haina nafasi ya kujaribu bahati. Mwezi huo ningebofya Pause ya wiki moja Alhamisi mchana na kuyaruhusu baada ya ritani kwenda.

Isipokuwa pale tundu lenyewe linaposhambuliwa tayari. Mwisho wa Juni 2021 msimbo wa kushambulia huduma ya uchapaji ya Windows, ulioitwa PrintNightmare, ulivuja hadharani, na tarehe 6 Julai Microsoft ikatoa kiraka nje ya ratiba bila kungoja Jumanne ya pili. Hapo siku mbili ni nyingi mno. Jaribio linapunguzwa liwe saa moja: sasisha mashine ya kutangulia, chapa, fungua folda, kisha wape wengine siku hiyohiyo. Na bado huwezi kujidanganya kwamba kiraka cha dharura ni salama, kwa sababu kile cha Julai kilivuruga baadhi ya printa za lebo na risiti, za Zebra zikiwemo. Duka linaloishi kwa lebo lingekuwa na haki ya kusita, ingawa ofisi ya ankara za A4 isingekuwa na kisingizio.

Kuna aina moja ya masasisho ambayo mpangilio huu wote hauyagusi. Tarehe 19 Julai 2024 faili la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, zikiwemo za kampuni zilizokuwa zimechagua kubaki toleo moja nyuma ili wengine watangulie. Uchaguzi wao ulihusu toleo la programu, lakini faili lile lilikuwa la maelezo ya vitisho, likasambazwa kwa wote kwa pamoja. Programu za kuzuia virusi nazo hupokea faili za namna hiyo mara nyingi kwa siku, na kuzichelewesha ni kuzifanya zisifae.

Kwa siku ya namna hiyo, na kwa kiraka cha Jumanne kinachoizuia Windows isiwake, kinachohitajika ni njia ya kurudi. Kompyuta ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo hufungua ukurasa wa bluu wa matengenezo. Kama aliyeharibu ni kiraka cha Jumanne, pita Troubleshoot, Advanced options, Uninstall Updates, kisha Uninstall latest quality update. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, hapo itadai ufunguo wa tarakimu 48. Chapeni funguo zote tisa leo, mziweke kwenye bahasha ndani ya kabati la fedha, kwa maana faili lenye funguo hizo lililo kwenye folda ya pamoja halitafunguka siku mashine ya mapokezi imelala.