Baba yangu si ndugu wa nusu

Krismasi iliyopita binamu yangu anayeishi Texas alikuja nyumbani Nyakach na vikasha viwili vya kupima DNA. Kimoja cha baba yake, yaani baba mkubwa, na kimoja cha baba yangu. Nawakumbuka wazee wawili chini ya mwembe, wamekaa nusu saa bila hata chai kwa sababu maagizo yanakataza kula na kunywa, kila mmoja anajaza mate kwenye kachupa mpaka yafike ule mstari. Walikuwa wamefurahi. Mwezi wa tatu matokeo yakaja kwenye imeli ya binamu, na hiyo websaiti, ambayo siitaji jina, ikaandika hao wawili ni `Half brother`. Ndugu wa nusu, yaani wa mzazi mmoja tu.

Binamu akapiga skrinshoti akatuma kwa grupu ya familia. Hakuwa na nia mbaya, hilo nakubali. Lakini kufikia jioni kuna mtu ameshauliza, kama baba yangu si wa babu, ile ekari mbili anayolima anailima kwa haki gani. Baba aliisoma hiyo meseji akaweka simu chini na hakula. Nimekaa na hasira tangu siku hiyo na leo naitoa.

Tuanze na kile websaiti ilipima, kwa sababu hapo walifanya kazi safi. Wanatafuta vipande vya DNA ambavyo watu wawili wamerithi sawasawa, wanajumlisha urefu wake kwa kipimo kinaitwa sentimogani, kwenye skrini utaona `cM`. Wazee wetu walipata 2,190. Hiyo hesabu siipingi. Kwa watu wa karibu hizi kampuni huwa hazikosei kusema mna uhusiano wa damu.

Shida inaanza wakitafsiri hiyo namba kuwa jina. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja kwa kawaida hufika kama 2,600, wa mzazi mmoja kama 1,750. Lakini hizo ni wastani tu. Kwenye rekodi ambazo watafiti wa nasaba wamekusanya, ndugu kamili wanaanzia karibu 1,600 kwenda hadi karibu 3,500, na ndugu wa mzazi mmoja wanaanzia karibu 1,160 kwenda hadi 2,400 na kitu. Sasa weka 2,190 hapo. Iko ndani ya zote mbili! Mtu mwaminifu angeandika kwamba namba peke yake haitoshi. Wao wakachagua jina moja wakaliandika kwa herufi nono.

Na kuna jibu la tatu ambalo hata kwenye orodha yao halikuwepo, na ndilo la kwetu.

Babu alikufa 1966, baba mkubwa akiwa na miaka mitatu. Baba yangu alizaliwa 1969. Kijijini hakuna mzee asiyejua hizo tarehe na hakuna aliyewahi kuzificha. Baada ya matanga nyanya alirithiwa na mdogo wake babu, ndiyo ter yenyewe, na kwa Wajaluo mtoto anayezaliwa hapo ni mtoto wa marehemu, anabeba jina lake na anapewa shamba kwenye boma lake. Kwa hivyo mama yao ni mmoja, na baba zao wa damu ni ndugu wawili tumbo moja. Piga hesabu: upande wa mama wanashirikiana asilimia 25 kama ndugu wowote wa mama mmoja, na upande wa baba ni kama mabinamu, inaongezeka 12.5. Jumla 37.5, katikati kabisa ya ndugu kamili wenye 50 na ndugu wa mzazi mmoja wenye 25. Wazungu wanaofuatilia nasaba wanawaita ndugu wa robo tatu. Kwetu ni kitu cha kawaida, kuna maboma mengi sana huku Nyanza yako hivyo, na pia pale mke alipomleta mdogo wake kuwa mke mwenza ni hesabu ileile. Lakini fomu ya websaiti imetengenezwa na watu ambao mjane kwao harithiwi, basi wazee wetu wakasukumwa kwa kisanduku kilichokuwa wazi.

Na ilikuwa inawezekana kuona! Kila mtu ana nakala mbili za karibu kila kromosomu, moja ya mama moja ya baba. Ndugu wa mzazi mmoja wanalingana kwenye nakala moja tu. Ndugu kamili, karibu robo ya DNA yao inalingana kwenye nakala zote mbili kwa wakati mmoja. Wa robo tatu ni karibu nusu ya hiyo, yaani sehemu moja kwa nane. Nilimuomba baba ruhusa, baba mkubwa naye akakubali, binamu akapakua mafaili ghafi ya DNA zao akayapeleka kwa websaiti nyingine inaitwa GEDmatch, ambako ukilinganisha watu wawili kromosomu inachorwa kwa rangi: njano ni nakala moja, kijani ni zote mbili, nyekundu hakuna. Tulikaa mimi na baba Kondele kwa saiba, tunaenda kromosomu moja moja. Kijani kilikuwepo, vipande vizima vimetawanyika, kwingine hakuna kabisa. Kama wangekuwa ndugu wa mzazi mmoja tu bila kingine, tungeona vistari vyembamba vya kijani vya bahati tu, vile vipande vizima visingekuwepo. Baba akaweka kidole kwa skrini akauliza, "Hii ndiyo ya wazee wangu wote wawili?" Nikamwambia ndiyo.

Tukafuta hayo mafaili siku hiyohiyo. GEDmatch ndiyo polisi wa California walitumia 2018 kumpata muuaji waliyemsaka miaka mingi, na walimfikia kupitia DNA ya jamaa zake wa mbali, yeye mwenyewe hakuwa ameweka chochote.

Kuhusu zile asilimia za kabila sina mengi. Zinategemea wamekulinganisha na nani. Ule mradi wa 1000 Genomes ambao data yake iko wazi kwa kila mtu ulikuwa na watu 2,504 kutoka jamii 26, na Wakenya ndani yake walikuwa 99, wote Waluhya wa Webuye. Kampuni zinaongeza sampuli zao, sawa, lakini usiambiwe wewe ni Mbantu asilimia fulani kabla hujatafuta ukurasa unaoonyesha Wajaluo wangapi walikuwa kwenye ulinganisho. Ukikosa huo ukurasa, achana na asilimia.

La mwisho ni akaunti. Vikasha vyote viwili viliandikishwa kwa imeli ya binamu, yeye ndiye alibonyeza kukubali masharti, wazee hawakusomewa hata mstari mmoja. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu DNA kama data nyeti, na sisi tuliitoa kama namba ya simu. Mwaka 2023 wezi waliingia kwa akaunti kama 14,000 za 23andMe, kampuni ya kupima DNA, kwa kutumia paswadi zilizovuja kwingine, na kupitia kile kipengele cha kuonyesha jamaa wakafikia taarifa za watu karibu milioni 6.9. Machi 2025 hiyo kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika, na DNA za wateja zikawa mali ya kuuzwa. Kwa hivyo nimemsukuma binamu aombe mambo mawili kwa maandishi, akaunti ifutwe na mate yaliyobaki maabara yaharibiwe, kwa sababu mara nyingi hayo ni maombi mawili tofauti na ukifanya la kwanza tu kachupa kanabaki frijini kwao.

Kabla ya kufuta alitaka kunakili ule mti wa familia kwenye karatasi. Akampigia nyanya simu, akamuuliza kwenye nafasi ya baba wa baba yangu aandike nani. Nyanya akataja jina la babu. Kisha akasema yule mwingine naye mumwandike pembeni, maana yeye ndiye aliyelipa karo.