Seli kufa kwa mpango si sawa na kupasuka

"Seli ikifa imekufa. Apoptosisi na nekrosisi zina tofauti gani?"

Tofauti huonekana wazi kwenye kiharusi. Katikati ya eneo la ubongo lililokosa damu, ATP, molekuli inayoipa seli nishati, huisha ndani ya dakika chache. Pampu za sodiamu husimama, maji huingia, seli huvimba na kupasuka, na vilivyomo humwagikia jirani zake na kuchochea inflamesheni, yaani mwitikio wa kinga. Hiyo ni nekrosisi.

Pembezoni bado hupita damu kidogo, na baadhi ya seli za hapo hufa baadaye, baada ya saa au siku kadhaa, kwa mpango: hiyo ni apoptosisi. Mitokondria huachia protini iitwayo sitokromu c, ambayo husaidia kuiamsha kaspasi 9, kimojawapo cha vimeng'enya vinavyokata protini, nayo huikata kaspasi 3 na kuiwasha. Kaspasi 3 ndiyo mkasi wenyewe (nauita mkasi kwa sababu kweli hukata protini, tena kwenye kiungo kinachofuata asidi ya aspatiki katika mnyororo wa protini). Hukata protini inayokizuia kimeng'enya cha kukatakata DNA, nacho huanza kazi. Seli husinyaa, na kwa kawaida humezwa na seli mlaji kabla haijavuja.

Kufa kwa mpango huhitaji ATP. Ndiyo maana seli iliyokwisha kuanza apoptosisi, ikiishiwa nishati njiani, inaweza kuishia kupasuka.