Yen ilipopanda Agosti 2024: hasara ilikuwa ya nani?

“Benki Kuu ya Japani ilipandisha riba kwa chini ya robo asilimia. Siku tano baadaye soko la hisa la Tokyo likaanguka kwa asilimia 12. Biashara hii ya kukopa yen ya riba ndogo ili kununua dola ya riba kubwa si mtego tu unaongoja watu?”

Hapana. Lakini wanaoiita mtego wana hoja nzito kuliko watetezi wake wanavyokubali, na nitaifikia.

Kabla ya Agosti, anayekopa yen alilipa riba karibu na sifuri, huku dola zake zikipata zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Tofauti hiyo ndiyo mapato. Ukiigawa kwa siku 365 ni kitu kidogo sana: mwenye dola 100,000 anapata kama dola 14 kila usiku anaolaza oda yake, kabla broka hajakata sehemu yake. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa miezi mingi kibaba kilijaa mara mbili, kwa kuwa mbali na riba, dola nayo ilikuwa ikipanda dhidi ya yen. USDJPY, yaani bei ya dola moja kwa yen, ilianza mwaka 2024 karibu na 141, ikafika karibu 162 mnamo Julai 3, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1986.

Itazame chati ya kipindi hicho kwa mishumaa ya siku, kila mshumaa ukionyesha mwendo wa bei wa siku moja. Mingi ni mifupi. Bei ikishuka kidogo, wanunuzi wanarudi, na mara nyingi wanarudi palepale karibu na wastani wa siku 20. Kushuka hakudumu. Mtu anayejifunza soko kutokana na chati hii atajifunza jambo moja tu, kwamba kila kushuka ni nafasi ya kununua. Mpanda ngazi hushuka, wahenga walisema, ila bei ya namna hii hupanda kwa ngazi na kushuka bila kuigusa.

Iliposhuka, mambo yalifuatana hivi. Julai 11, takwimu za mfumuko wa bei wa Marekani zilitoka chini ya matarajio, na Japani ikatumia fursa hiyo kuingia sokoni kununua yen yake. Dola ikatoka juu ya 161 hadi karibu 157 kwa muda mfupi mno. Julai 31 Benki Kuu ya Japani ikapandisha riba hadi asilimia 0.25, na gavana Kazuo Ueda akaacha mlango wazi kwa nyongeza zaidi. Ijumaa Agosti 2, ripoti ya ajira ya Marekani ikawa dhaifu, ukosefu wa ajira ukiwa asilimia 4.3. Jumatatu Agosti 5 dola ikagusa eneo la 141.7 kabla ya kugeuka, na Nikkei 225, kipimo cha hisa za Tokyo, ikapoteza pointi 4,451 kwa siku moja.

Wengi wanasimulia kisa hiki kama kosa la benki kuu, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Robo asilimia haiwezi kueleza mwendo huo. Hata baada ya nyongeza ile, tofauti ya riba kati ya dola na yen ilibaki karibu asilimia 5. Mapato ya biashara yalikuwa karibu yaleyale ya wiki iliyotangulia. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliokuwa wakilazimika kutoka.

Mfikirie mmoja wao. Ana dola 10,000 kwa broka, na amejikuza mara kumi: amekopa yen milioni 16.1 na kununua dola 100,000 bei ikiwa 161. Hadi mwisho wa Julai amekusanya riba ya dola kama 300. Bei inapofika karibu 151.5, hapo Julai 31, hasara yake imefika kama dola 6,300. Kwenye akaunti zimebaki takriban 4,000, ambazo ni asilimia 4 ya oda yake. Kama broka wake anadai dhamana ya asilimia 4, hapo haulizwi maoni yake kuhusu uchumi wa Japani. Oda inafungwa. Na kufunga oda hiyo maana yake ni kununua yen milioni 16.1 kwa bei yoyote iliyopo.

Ununuzi huo unaisukuma yen juu kidogo. Yen ikipanda, jirani yake aliyeingia kwenye 158 naye anafikia mstari wake, naye ananunua yen. Kisha mifuko mikubwa ya uwekezaji, ambayo haiongozwi na broka bali na kanuni zake za ndani, inaona bei inayumba kuliko kawaida na kupunguza ukubwa wa oda zake, yaani nayo inanunua yen. Katika mzunguko huo hakuna anayeamini kwamba yen ina thamani zaidi leo kuliko jana. Wote wananunua kwa sababu wamelazimika.

Ushahidi wa hili unaonekana kwenye chati nyingine, AUDJPY. Dola ya Australia ilianguka kutoka karibu 109 Julai 11 hadi karibu 90 Agosti 5. Australia haikuwa imepunguza riba. Ilibaki asilimia 4.35, na mkutano wa benki kuu yake uliomalizika Agosti 6 uliiacha hapohapo. Hata hivyo dola yake ilianguka dhidi ya yen zaidi ya ile ya Marekani. Sarafu zisizo na uhusiano wa habari zinapoanguka pamoja dhidi ya sarafu moja ya mkopo, unachokitazama ni watu wakilipa madeni yao. Hiyo ni alama ninayoiamini kuliko mchoro wowote wa mistari ya mwelekeo. Mishumaa yenyewe inabadilika: inarefuka, kila mnyanyuko unaishia chini ya ule uliopita, na ule wastani wa siku 20 uliokuwa sakafu unageuka kuwa dari. Mshumaa wa Agosti 5 una utambi mrefu chini, yaani bei ilishuka sana kisha ikarudi juu siku hiyohiyo, kwa sababu wa mwisho kulazimishwa walitoka hapo, na baada yao hapakuwa na muuzaji wa dola mwenye haraka.

Sasa hesabu ambayo sijaacha kuirudia. Ijumaa Agosti 2 soko lilifunga karibu na 146.5. Hadi 141.7 ya Jumatatu ni anguko la zaidi kidogo ya asilimia 3. Kwa riba ya asilimia 5 na ushee kwa mwaka, sehemu ya Jumatatu moja ilikula mapato ya zaidi ya miezi saba. Wapinzani wa biashara hii huishia hapo, na kwa kweli takwimu hiyo inatisha. Ila ifuate hadi mwisho. Aliyeingia mwanzoni mwa Januari kwenye 141, bila kujikuza hata kidogo, alikuwa wapi katika dakika mbaya kuliko zote za Agosti 5? Alikuwa juu kidogo ya alipoanzia, na riba ya miezi saba, kama asilimia 3, ilikuwa yake. Faida ya kwenye karatasi ya karibu asilimia 15 iliyeyuka mbele ya macho yake, na hilo linauma. Lakini hakupoteza mtaji, na hakuna aliyemfungia oda.

Kwa hiyo ile riba si zawadi, na si chambo. Ni malipo ya kukubali kwamba siku kama Agosti 5 zitakuja. Anayelipwa ili abebe hatari hawezi kusema ametapeliwa hatari ilipofika. Swali linalobaki ni kama alibeba mzigo unaolingana na mgongo wake. Aliyejikuza mara kumi alikuwa amekwisha kufungiwa kabla Jumatatu haijafika. Oda ya kukata hasara ingemsaidia siku za mwanzo. Kwenye anguko lenyewe, oda hiyo inapoguswa inageuka kuwa oda ya soko, na inajazwa kwenye bei inayofuata, ambayo inaweza kuwa mbali na uliyoandika. Ukubwa wa oda huamuliwa siku chati inapopendeza. Baadaye ni kuchelewa.

Nikiri kwamba Januari ni tarehe inayonifaa. Aliyeingia Mei au Juni hawezi kusimulia hivyo, na walioingia miezi hiyo walikuwa wengi. Takwimu za CFTC, msimamizi wa masoko ya mikataba ya bei za baadaye nchini Marekani, za mwanzoni mwa Julai zinaonyesha walanguzi wakiwa na mikataba takriban 184,000 zaidi upande wa kuuza yen, kila mmoja wa yen milioni 12.5. Umati ulikuwa mkubwa kuliko ulivyowahi kuwa tangu 2007, na ulikuwa hivyo pale kileleni. Si bahati mbaya. Chati tulivu inayopanda ndiyo inayowaita watu, hivyo wengi huingia mwisho, kwa bei mbaya, wakiwa wamejikuza zaidi. Soko hilo la mikataba ni kipande kidogo cha biashara nzima, lakini mwelekeo wake ulisomeka.

Na kuna hoja ya wapinzani ambayo sina jibu kamili kwake. Hisa za Tokyo zilipoanguka asilimia 12.4, hasara iliwafikia watu ambao hawakukopa yen hata moja: wenye akiba ya uzeeni na wafanyakazi wenye hisa za kampuni zao. Hawakulipwa riba ile, ila waligawiwa hatari yake. Siku iliyofuata Nikkei ilipanda zaidi ya asilimia 10, na Agosti 7 naibu gavana Shinichi Uchida akasema benki haitapandisha riba masoko yakiwa yanayumba. Waliokuwa na subira wakapona. Aliyeuza Jumatatu kwa hofu hakurudishiwa kitu. Kama kuna pa kuweka sheria kali, basi ni kwenye kiwango cha kujikuza, kwa sababu kukopa sarafu ya riba ndogo peke yake hakukuleta anguko lile. Japani yenyewe iliwahi kuweka kikomo cha mara 25 kwa wateja wadogo wa fedha za kigeni mwaka 2011. Bado ni nyingi mno. Kwa kikomo hicho, anguko la asilimia 4 linatosha kumaliza kila kitu.

Katikati ya Septemba, USDJPY ilishuka chini ya 140, yaani chini kuliko ilivyofika siku ile ya Agosti. Ifungue chati uitazame wiki hiyo: mishumaa ni ya kawaida, hakuna utambi wa kutisha, na Tokyo haikupata Jumatatu nyingine kama ile. Kufikia wakati huo takwimu za CFTC zilikuwa zimegeuka, na walanguzi walikuwa upande wa kununua yen. Bei ilikuwa mbaya zaidi kwa mkopaji wa yen, ila wakopaji wa kulazimishwa kutoka walikuwa wameshaondoka.