Asilimia tatu ya mauzo au hesabu kamili? Duka moja la Amu

"Nina duka la vyakula Langoni. Nauza kama 250,000 kwa mwezi, na kila tarehe 20 ikifika nimeshalipa asilimia 3, hata mwezi ambao sikubakiwa na kitu. Nikihamia hesabu kamili nitalipa kidogo?"

Kwa faida unayopata, ndiyo. Kwa risiti ulizo nazo, huenda sivyo, na hapo ndipo penye kazi.

Tuanze na faida. Mauzo yako kwa mwaka ni milioni 3, kwa hiyo kodi ya mauzo ghafi, ile iTax inayoiita TOT, ni 90,000. Kodi hii haitazami gharama hata moja. Tuseme bidhaa ulizouza zilikugharimu 2,500,000. Lori kutoka Mombasa hadi Mokowe, mashua ya kuvusha mzigo na punda wa kuufikisha dukani ni 110,000. Kodi ya pango, umeme na kibali cha kaunti ni 90,000. Unabakiwa na 300,000. Ina maana karibu theluthi ya faida yako inakwenda kwenye TOT.

Ukiwa kwenye hesabu kamili, yaani kodi ya mapato ya kawaida, unatozwa kwenye hizo 300,000 peke yake. Shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani 28,800. Zinazobaki 12,000 hutozwa asilimia 25, yaani 3,000. Kisha unaondolewa nafuu ya kila mlipa kodi, 28,800 kwa mwaka. Unalipa 3,000. Hata ukimpa mhasibu 30,000, umeokoa 57,000.

Asilimia ilipokuwa 1, tangu Aprili 2020 hadi Juni 2023, nisingekushauri uhame. TOT yako ingekuwa 30,000, na kwenye hesabu kamili ungetoa 33,000 pamoja na mhasibu. Iliporudi asilimia 3 mwezi wa Julai 2023, jibu likageuka.

Sasa risiti. Tangu Januari 2024, gharama nyingi za biashara hazikubaliwi zisipokuwa na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, yenye PIN yako. Wenye maduka huniletea mifuko ya karatasi, na nikiifungua nakuta vipande vya daftari vimeandikwa kwa penseli "mzigo 1,500", bila jina wala PIN. Pesa hiyo ilitoka kweli, mwenye duka hadanganyi. Lakini kwenye hesabu ni kama haikutoka.

Chukua duka hilohilo. Usafiri wote wa 110,000 hauna ankara, na bidhaa za 200,000 ulizinunua kwa jumla bila eTIMS. Faida inayotozwa kodi inapanda hadi 610,000 ilhali mfukoni una 300,000 zilezile. Kodi inakuwa 91,600, na mhasibu bado hujamlipa. Umehama kutoka 90,000 ukaingia kwenye zaidi ya 120,000.

Mpaka wako uko hapa: ukihesabu na malipo ya mhasibu, kuhama kunakufaa ikiwa faida inayotozwa kodi haizidi kama 505,000. Yaani katika gharama zako zote za milioni 2.7, zisizo na ankara zisipite 205,000 hivi. Ni nafasi ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Mizigo ina njia, ingawa ina taabu yake. Sheria sasa inamruhusu mnunuzi kuandika ankara ya eTIMS kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5. Mwenye punda anahitaji kuwa na PIN na kukubali. Wapo watakaokataa kwa kuogopa kuonekana, na siwalaumu.

Si kila jirani yako afuate hesabu hii. Fundi wa kuchonga milango anayeuza kazi za milioni 1.5 kwa mwaka, mbao na vifaa vikimla 500,000, hulipa TOT ya 45,000. Kwenye hesabu kamili angedaiwa 208,600. Huyo abaki alipo. Asilimia 3 humuumiza anayeuza unga na sukari kwa faida nyembamba, humpendelea anayeuza ujuzi wa mikono yake. Mimi naona hilo ni kosa la kodi yenyewe. Utetezi wake ni kwamba haimlazimishi fundi kutunza risiti hata moja, na kwa mtu anayefanya kazi peke yake hilo ni jambo kubwa.

Hesabu kamili ina faida nyingine kwako: mwaka wa hasara hulipi kodi ya mapato, na hasara hiyo unaihamishia mwaka unaofuata. TOT hulipwa hata mwaka mzigo umelowa maji mashuani.

Kabla hujamwandikia Kamishna kuomba kutoka kwenye TOT, weka makopo mawili chini ya kaunta kwa miezi mitatu. Moja la ankara za eTIMS zenye PIN yako, la pili la karatasi nyingine zote. Malipo yasiyo na karatasi yaandike mwenyewe uyatie hilo la pili. Mwisho jumlisha kopo la pili, uzidishe mara nne. Likipita 205,000, usihame bado. Anza na muuzaji wa jumla anayekupa karatasi za penseli.