Klemu ya mwisho ya mkandarasi na faili ambalo hakuna anayetaka kulifunga

"Barabara imeshakabidhiwa, magari yanapita, sasa huyu mkandarasi bado anaidai nini serikali?"

Mara nyingi anadai nusu ya pili ya retensheni, yaani pesa iliyokatwa kwenye malipo yake na kushikiliwa mpaka kasoro zirekebishwe, hati ya malipo moja au mbili zilizolala kwenye foleni, riba ya huo ucheleweshaji, na zile klemu, yaani madai ya nyongeza, alizoziandikia barua kazi ikiendelea. Watu wakisikia klemu wanaona ujanja, na wapo wanaofanya ujanja, nitawafikia. Ila kwa kazi za barabara nilizozifuatilia, upande wa mkandarasi hapa mwishoni ndio unaeleweka vibaya zaidi, kwa hiyo naanza na huo.

Nachukua mkataba wa 1999 wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kile kitabu chekundu, maana ndio umetumika sana kwenye barabara zetu kubwa zenye pesa za wafadhili. Humo barabara ikikamilika inatolewa hati ya makabidhiano ya awali, mkandarasi anarudishiwa nusu ya retensheni, na kuanzia hapo unahesabiwa muda wa matazamio wa kurekebisha kasoro, mara nyingi siku 365. Ndani ya siku 84 baada ya hati ile anatakiwa alete taarifa ya ukamilishaji, yaani kazi zote alizofanya, pesa anazoona anastahili na klemu zilizobaki. Matazamio yakiisha na kasoro zimerekebishwa, mhandisi anayesimamia mkataba ana siku 28 kutoa hati ya utendaji, na hii ndiyo hati pekee inayohesabika kama kuikubali kazi. Halafu mkandarasi ana siku 56 kuleta rasimu ya hesabu ya mwisho, wakishakubaliana mhandisi ana siku 28 kutoa hati ya malipo ya mwisho, mwajiri, yaani serikali yenye barabara, naye ana siku 56 kulipa.

Sasa kuna kifungu 14.14 ambacho watu wengi wanaolalamikia klemu hawajawahi kukisoma. Kinasema mwajiri hatawajibika kwa jambo lolote ambalo mkandarasi hakuliweka waziwazi kwenye hesabu ya mwisho, na pia kwenye taarifa ya ukamilishaji kama jambo lenyewe lilitokea kabla ya makabidhiano. Maana yake ni kwamba asipoliandika limekufa, hata kama alikuwa na haki kabisa. Ndio maana orodha inakuja ndefu. Mkandarasi mwenye akili anaweka kila kitu, mvua iliyopitiliza, michoro iliyochelewa miezi miwili, nguzo za umeme zilizochelewa kuhamishwa, kwa sababu mkataba wenyewe umemwambia hii ni nafasi ya mwisho, halafu ofisini orodha ileile inasomwa kama tamaa.

Na hizo klemu hazitakiwi kuwa mpya. Kifungu 20.1 kinamtaka atoe notisi ndani ya siku 28 tangu ajue tukio, au tangu alipopaswa kujua, akipitisha hapo haki yake imepotea. Kwa hiyo klemu halali ya mwisho ina barua ya zamani yenye muhuri wa kupokelewa. Hapo ndipo mtu anaweza kupima haraka, kama barua ipo tunaongelea kiasi, kama haipo mkandarasi ana kazi ngumu sana ya kujieleza.

Kitu kinachoniumiza zaidi ni riba, na naomba tukae hapo kidogo. Mkataba huu unampa mkandarasi gharama za fedha kwa malipo yaliyochelewa, kiwango ni asilimia 3 juu ya kiwango cha punguzo cha benki kuu, na inajumlishwa kila mwezi, yaani riba nayo inazaa riba. Tuchukue mfano wa kufikirika. Mkataba wa bilioni 8, retensheni asilimia 5, yaani milioni 400, nusu imerudi wakati wa makabidhiano, imebaki milioni 200. Kuna na hati ya malipo ya milioni 600 iliyokaa miezi 18 baada ya tarehe ya kulipwa. Tuseme kiwango kimefika asilimia 12 kwa mwaka, moja kwa mwezi. Ile milioni 600 kwa miezi 18 inazaa kama milioni 117.7. Milioni 200 za retensheni zikikaa miaka miwili baada ya muda wake zinazaa kama milioni 54. Jumla inapita milioni 171, na hakuna kalavati hata moja iliyoongezeka pale barabarani. CAG amekuwa akizitaja riba za namna hii kwenye ripoti zake, na kila zikitoka hasira inaenda kwa mkandarasi, wakati yeye ndiye aliyekaa anasubiri pesa yake.

Na kusubiri kwenyewe kuna gharama isiyoonekana kwenye mahesabu hayo. Dhamana ya utendaji aliyoweka kupitia benki inatakiwa kurudishwa ndani ya siku 21 baada ya mwajiri kupokea nakala ya hati ya utendaji. Hati isipotoka dhamana inaendelea, benki inaendelea kukata kamisheni, na kama alipewa dhamana kwa kuweka hati ya nyumba basi hati inaendelea kukaa benki, hawezi kuitumia kuchukua kazi nyingine. Kwa kampuni kubwa ya nje hili ni usumbufu tu, kwa mkandarasi mzawa wa daraja la kati ni kazi nzima ya mwaka unaofuata imekwama.

Halafu kuna hii tabia ya ofisi kumwambia asaini kwanza barua kwamba hana madai yoyote ndio malipo yake ya mwisho yaandaliwe. Kifungu 14.12 kinataka kweli asaini tamko la kumaliza madai, ila kinamruhusu aandike humo humo kwamba tamko litaanza kufanya kazi siku atakapopokea salio lake na dhamana yake. Sentensi hiyo moja ndiyo inayomlinda, na kumlazimisha aiondoe ni kumfanya atoe risiti kabla hajaona pesa.

Sasa upande wa pili, na sio mdogo. Mtumishi anayetakiwa kusaini hapa mara nyingi sio yule aliyesimamia kazi. Amehamishwa kutoka mkoa mwingine, anakuta klemu ya milioni mia kadhaa mezani, faili lina barua za nusu ya mradi, mhandisi mkazi aliondoka zamani. Akisaini na mkaguzi akaja akakosa viambatisho, hoja ya ukaguzi inamkuta yeye. Asiposaini, riba inapanda lakini hakuna jina la mtu juu yake. Mimi hapa simlaumu mtu mmoja, mfumo umeweka hatari yote kwenye kusaini na hakuna hatari yoyote kwenye kukaa kimya.

Na wakandarasi wanaopandisha klemu wapo. Ile ya kawaida ni mitambo iliyosimama. Mkandarasi anasema greda na roli zilikaa saiti miezi mitatu kusubiri nguzo zihamishwe, anaweka bei ya kukodi, kila siku. Ukifungua daftari la mitambo la kila mwezi na rekodi za mafuta unakuta greda ilikuwa inakunywa dizeli, yaani ilikuwa kazini, tena pengine saiti nyingine kabisa. Ya pili ni kuhesabu muda mara mbili, mvua za Machi hadi Mei zina klemu yake na michoro iliyochelewa Aprili ina klemu yake, wakati gharama ya kambi na walinzi kwa mwezi wa Aprili ni moja tu. Ofisi inayokataa hapo iko sahihi. Lakini angalia, imeweza kukataa kwa sababu daftari lipo.

Ukaguzi wa mwisho nao una mabishano ya hivyo hivyo. Mnatembea pamoja, mnafika kwenye kalavati, ukuta wa kichwa una ufa. Ukiingiza bisibisi kwenye ufa na zege linamomonyoka kama mchanga, hiyo ni kasoro ya mkandarasi, hamna mjadala, arekebishe kwa pesa yake. Lakini kama zege ni gumu na chini ya sakafu ya kutokea maji pamechimbika kwa sababu watu wanachota mchanga mtoni, pale tatizo ni mto. Mfereji uliojaa tope nao ni matengenezo ya kawaida ya mwenye barabara. Nimeona orodha za kasoro zimejaa vitu vya aina hii ya pili, na hati ya utendaji inazuiwa kwa ajili yake. Atakayeamua nani yuko sahihi ni picha ya siku ya makabidhiano ya awali na michoro ya kazi kama ilivyojengwa, visipokuwepo kila mtu anabaki na neno lake.

Majirani zetu Kenya wameliona hili kwa ukubwa wake. Mwaka 2023 waliunda kamati ya kuhakiki madeni ya serikali kuu yaliyolala kuanzia Juni 2005 hadi Juni 2022, mwenyekiti akiwa Edward Ouko, aliyewahi kuwa Mkaguzi Mkuu wao. Fikiria kutafuta karatasi ya upokeaji wa kazi ya 2006. Deni la kweli lisilo na karatasi na deni la uongo yanafanana kabisa yakiwa mezani, na yule mwenye deni la kweli ndiye anayeumia zaidi. Sheria yao ya ununuzi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka 6 baada ya mkataba kukamilika. Kwetu Tanzania shauri la mkataba mtu anaweza kulifungua ndani ya miaka 6, kwa hiyo faili linalotupwa mapema linaiacha serikali mahakamani mikono mitupu.

NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, imesaidia sana upande wa zabuni na mkataba wenyewe. Ila klemu haiamuliwi na zabuni, inaamuliwa na shajara ya saiti ya kila siku, kipimo cha mvua, karatasi za vipimo zilizosainiwa na pande zote mbili, kumbukumbu za vikao. Hivi vyote kwa kawaida viko kwenye ofisi ya konsalta, ile kampuni ya wahandisi inayosimamia kazi, na mara nyingi mkataba wa konsalta unaisha karibu na makabidhiano ya awali, anafunga ofisi, makabrasha yanaingia kwenye maboksi bila orodha. Mwaka mmoja baadaye hesabu ya mwisho inaletwa na hakuna wa kuisoma.

Kwa hiyo ningebana sehemu mbili. Ile sehemu ya hesabu isiyobishaniwa ilipwe peke yake, kifungu 14.11 kinaruhusu kabisa mhandisi kutoa hati kwa kiasi kilichokubaliwa wakati ugomvi wa kilichobaki unaendelea kwenye utatuzi wa migogoro, hapo riba inakatika kwa sehemu kubwa na mtumishi anasaini kitu ambacho ana ushahidi nacho. Na mkataba wa konsalta uvuke muda wa matazamio mpaka hati ya malipo ya mwisho, malipo yake ya mwisho yafungwe na kukabidhi kumbukumbu za saiti, zimeorodheshwa, nakala ya karatasi na ya kielektroniki, zikahesabiwe mbele ya mtu wa masijala na asaini kwamba amezipokea.