Bosi "Tutaliangalia" na Vipaumbele vya Kwanza Viwili

Kuna mabosi wakali, kuna mabosi wachoyo, halafu kuna huyu wa kwetu sote ambaye hana ubaya na mtu: ukimuuliza jambo anatabasamu, anakuna kidevu, anasema "hilo tutaliangalia", kisha anayeyuka. Kalenda yake imejaa vikao vyenye majina kama "Uratibu" na "Ufuatiliaji wa uratibu". Simu inaita mpaka inachoka. Wasapu inaonyesha alikuwa hewani dakika mbili zilizopita, maana yake yupo hai, anapumua, na swali lako kaliona.

Afadhali mkali. Mkali akisema "fanyeni hili", mtanung'unika lakini mtajua pa kuanzia. Huyu mpole anawaachia kazi mbili mezani, zote kaziita "kipaumbele cha kwanza", kisha anawapungia mkono. Jamani, vipaumbele vya kwanza viwili! Hata kwenye mbio, wakifika pamoja, watu wanatazama picha.

Basi hapo ndipo timu inapogeuka baraza la wapiga ramli. Mmoja anasema bosi alikunja uso ilipotajwa ripoti ya mteja, kwa hiyo ripoti ndiyo muhimu. Mwingine anasema hapana, alikunja uso kwa sababu kiyoyozi kilikuwa kinampuliza. Anatokea wa tatu, aliyekutana naye kwenye ngazi, naye anatangaza: "Mimi kaniambia kabisa tuanze na ule mfumo." Kuanzia dakika hiyo kipaumbele cha kampuni ni cha mtu aliyemwona bosi mwisho. Kesho mwingine atakutana naye kwenye lifti, na kampuni itageuka tena. Watu wanarushiana maneno, wengine wanaacha kusalimiana, na wote wanatetea uamuzi ambao mwenyewe hajaufanya.

Ugomvi ukishapamba moto, hutokea mtu wa busara akaleta suluhu mbaya kuliko ugomvi: "Tufanye zote mbili kidogo kidogo." Kila mtu anashusha pumzi. Amani imepatikana. Na kazi zimeharibika, kwa hesabu ambayo haihitaji hata kikokotoo.

Chukua timu ya watu wanne. Kazi ya kwanza ni ripoti ya mteja mkubwa, aliyeahidiwa kuipata mwisho wa siku ya 6 ya kazi. Ya pili ni kuhamisha kumbukumbu za malipo kutoka mfumo wa zamani, ambao leseni yake inakata mwisho wa siku ya 12. Kila kazi, timu nzima ikiishika, inakula siku 5. Ukianza na ripoti, inaisha siku ya 5, na uhamishaji unaisha siku ya 10. Zote zimewahi, na bado una chenji mfukoni.

Sasa njoo na ule mpango wa amani: leo ripoti, kesho mfumo, keshokutwa ripoti. Ripoti inaguswa siku ya 1, 3, 5, 7 na 9. Imeisha siku ya 9, imechelewa siku 3. Mfumo umeisha siku ya 10, yaani siku ile ile ambayo ungeisha hata kama msingeugusa wiki nzima ya kwanza. Mmemkosea mteja, na upande wa pili hakuna aliyefaidika hata nusu saa. Mkijigawa wawili wawili ndiyo usiseme: kila kazi inakula siku 10, ripoti imechelewa siku 4. Na hapo sijahesabu muda unaopotea kila asubuhi watu wakiulizana "tuliishia wapi vile?", faili la jana limefungwa, aliyekuwa na namba za mwisho yuko upande mwingine. Hesabu halisi huwa mbaya kuliko hii ya karatasini.

Kwa hiyo swali la "ipi muhimu zaidi" ndilo linalowagombanisha bure, maana umuhimu kila mtu ana wake. Ulizeni lenye majibu: hii ikichelewa siku 3, nini kinatokea, na kwa nani? Mteja atapiga simu na kufoka. Idara ya fedha, leseni ikikata kabla kumbukumbu hazijatoka, haitaweza kufungua mfumo kabisa. La pili ni baya zaidi, lakini liko mbali zaidi, na ndiyo maana ripoti inatangulia: tarehe yake iko karibu na haiuzibii mfumo njia. Ingekuwa leseni inakata siku ya 7, mngegeuza, ripoti ingechelewa, na mngempigia mteja mapema badala ya kumsubiri afoke.

Haya, mpangilio mmeupata. Bosi bado hajapatikana. Na hapa watu wengi wanafanya kosa lile lile: wanamwandikia, "Bosi, tuanze na ripoti au na mfumo?" Yeye anajibu kwa dole gumba.

Dole gumba! Umeuliza hiki au kile, mtu kakuwekea dole gumba. Maana yake ameona? Amekubali? Amekubali kipi? Kidole kiligonga kioo kwa bahati mbaya? Timu nzima inaitazama hiyo alama kama waganga wanaotazama utumbo wa kuku. Kusema kweli mwenye kosa hapo ni aliyeuliza. Mtu anayekwepa maamuzi usimpe njia panda, atakaa hapo hapo katikati achume maua. Mpe njia moja mliyokwisha kuichagua, na umwachie kazi ya kuipinga. Kupinga kunahitaji nguvu, na nguvu hiyo hana.

Kabla ya kuandika, tafuta siku ya mwisho inayofaa kuamua. Unairudisha tarehe nyuma: ripoti ni mwisho wa siku ya 6, kazi ni siku 5, basi mnaweza kupoteza siku 1 tu. Mkipoteza 2, ripoti inafika siku ya 7. Kwa hiyo bosi ana mpaka jioni ya siku ya 1, na hiyo saa haikutoka kwenye hasira zako, imetoka kwenye hesabu. Ujumbe wenyewe unakuwa hivi:

"Bosi, kesho asubuhi (siku ya 2) timu nzima inaanza ripoti ya mteja, itaisha siku ya 6 kama tulivyoahidi. Kisha tunahamisha kumbukumbu za malipo, tutamaliza siku ya 11, siku moja kabla ya leseni kukata. Mauzo na fedha wamo kwenye ujumbe huu. Ukitaka tufanye vingine, tujulishe leo kabla ya saa 10 jioni. Tusiposikia, tunaendelea hivyo. Tukigeuza baada ya hapo, ripoti itachelewa."

Tazama kilivyokaa. Akiweka dole gumba, kakubali. Akinyamaza, kakubali. Akisema "tutaliangalia", kazi inaanza kesho huku yeye anaangalia. Na wale wa mauzo na wa fedha wamesoma sentensi zile zile, hivyo hakuna wa kuja na habari za kwenye ngazi. Tena hao ndio wenye faida kubwa kuliko bosi: idara ya fedha ikiona siku moja tu ya akiba itapiga kelele yenyewe, na kelele za idara nyingine mabosi wa aina hii huzisikia vizuri sana.

Ujumbe wa namna hii huharibikia mahali pachache. Pa kwanza ni muda. Ukiutuma saa 9 na nusu ukimpa mpaka saa 10, huo ni mtego, na akirudi atakuwa na haki ya kufoka. Mpe angalau nusu siku ya kazi, na umtumie mahali anaposoma kweli. Kama barua pepe zake ambazo hazijafunguliwa zimefika mamia, huko ni makaburini. Pa pili ni wingi. Ukimtumia sita kwa siku, ataacha kuzisoma, na siku moja atakuwa hakuona kweli lile kubwa. Mambo madogo yanayorekebishika kwa saa mbili amueni wenyewe mkae kimya.

Pa tatu ndipo penye hatari. Kuna mambo ambayo kimya cha bosi hakiwezi kuwa ndiyo, hata uandike kwa wino wa dhahabu: kutumia fedha zaidi ya kiwango ulichoruhusiwa, kusaini mkataba, kuajiri au kumwachisha mtu kazi, kumpa mtu wa nje taarifa za wateja. Hapo unaugeuza ujumbe: "Tusiposikia mpaka Jumatano saa 6 mchana, hatutanunua, na kazi itasimama Alhamisi." Hujaamua lisilo lako. Umeandika tu bei ya kimya chake, na tarehe ya kuilipa. Asipojibu hata hapo, unayo sababu safi ya kumwomba aliye juu yake aseme, ukiwa na ujumbe ule ule mkononi badala ya malalamiko.

Maana tusimwonee pia. Wengine wanakwepa kwa sababu kukwepa kunalipa: kazi ikifana, "niliwaamini vijana wangu", ikiharibika, "timu ilikosea". Wengine wenyewe wamebanwa, bosi wao naye ni wa tutaliangalia, na hawataki kukiri kwamba hawajui. Utawatofautisha hivi: wa pili, ukimletea mpango ulioandikwa, anaupeleka juu siku hiyo hiyo huku anahema kwa shukrani. Wa kwanza anakuvizia koridoni, anakushika bega, anasema kwa sauti ya chini, "Lile mlilofanya sawa, lakini mngeanza na mfumo." Halafu huyooo.

Hiyo ya koridoni usiondoke nayo kichwani. Rudi mezani kabla hujamsimulia mtu yeyote, andika: "Kwa mazungumzo yetu ya saa 5 leo, nimeelewa tusimamishe ripoti na tuanze mfumo, na ripoti itachelewa siku 5. Nitamjulisha mteja saa 8 mchana." Tuma, wote wamo. Kisha subiri. Mtu ambaye simu yake haikushikika wiki nzima atakupigia ndani ya dakika nne, anahema, akisema hapana, hapana, wewe hukunielewa, alikuwa anafikiri kwa sauti tu, endeleeni na ripoti. Mshukuru, umwombe ayaandike hayo kwenye ujumbe ule ule, na usikate simu mpaka uone anaandika.