Ujumbe mfupi wa Kifaransa kwa mwenzetu wa kazini aliyelazwa hospitali

Sisi tuliotoka pwani ya Tanzania tukaja kufanya kazi Ufaransa tuna lawama moja tunayopenda kuirudia tunapokutana, kwamba wenyeji wa hapa hawajui kumjulia hali mgonjwa. Ushahidi unaotolewa ni kadi ya kazini: mtu amelazwa, wenzake wanamwandikia mistari minne, wanatia sahihi, na shughuli imekwisha. Nimeishi Lyon kwa muda wa kutosha kuikataa lawama hiyo, na ninaikataa kwa sababu naamini mistari ile minne ina huruma nyingi kuliko tunavyodhani, ila huruma yenyewe imewekwa mahali ambapo sisi hatukuzoea kuitafuta.

Nyumbani Tanga, mfanyakazi akilazwa, habari hufika ofisini ikiwa kamili. Watu huambiwa anaumwa nini, amelazwa wodi gani na daktari amesema nini. Kisha mchango hupitishwa na wajumbe huchaguliwa kwenda kumwona saa ya wagonjwa kutazamwa. Ujumbe wa simu unaotangulia ni wa kumpa pole, kumwombea Mungu amjaalie afueni ya haraka na kumuuliza anaendeleaje, na yeyote asiyeuliza huonekana hajali. Kuulizwa ni sehemu ya matunzo, na mgonjwa mwenyewe hutarajia kusimulia.

Ufaransa mambo huanza kwa namna nyingine kabisa. Daktari anapompumzisha mtu kazini, cheti anachokiandika, kiitwacho arrêt de travail, kina sehemu tatu: mbili za kwanza huenda kwenye bima ya afya, na ile ya tatu, inayokwenda kwa mwajiri, haitaji ugonjwa. Mfanyakazi anapaswa kukifikisha ndani ya saa 48, lakini hapaswi kumweleza mkuu wake sababu ya kitabibu, na mkuu hana haki ya kuidai. Kwa hiyo wenzake wa ofisini mara nyingi wanajua jambo moja tu, kwamba hayupo kazini kwa sababu ya afya, na pengine kwamba amelazwa. Anayeandika ujumbe anaandika akiwa amesimama nje ya mlango ambao sheria imempa mgonjwa ufunguo wake, na adabu ya ujumbe mzima inatokana na hali hiyo.

Hivi karibuni ndugu mmoja wa kwetu aliniletea rasimu aliyotaka kumpelekea mama mmoja wa idara yao ya uhasibu, ambaye hapa nitamwita Sylvie. Alikuwa ameandika hivi:

« Bonjour Sylvie, je suis désolé pour ta maladie. Qu'est-ce que vous avez ? J'espère que vous soyez guérie vite. Que Dieu vous guérisse. Cordialement. »

Nia ya ndugu huyu ilikuwa njema tupu, na kwa Kiswahili maneno hayohayo yangepokelewa kwa shukrani. Kwa Kifaransa kuna mambo ya kurekebisha, na si yote ni ya sarufi.

Kubwa kuliko yote ni lile swali la anaumwa nini. Linamlazimisha mgonjwa kuchagua kati ya kufichua siri yake na kuonekana anamficha mtu aliyemtakia heri, na akiwa kitandani hana nguvu za kufanya uchaguzi huo. Hata maneno « ta maladie » yanadai kwamba ni ugonjwa, na huenda ni upasuaji, ajali, au mimba yenye matatizo. Ndiyo maana neno salama ni « votre hospitalisation », linalotaja kile tu ambacho ofisi nzima inakijua.

Pili, sentensi ya kwanza inatumia « ta », ya pili inatumia « vous ». Katika ofisi za hapa ni kawaida sana kumwita mtu kwa jina lake la kwanza na bado kumtajia « vous » ya heshima, na kanuni ninayoishika ni kwamba mtu unayemwambia « vous » kazini, mwandikie « vous » akiwa hospitali. Wengine hudhani ugonjwa ni wakati wa kuhamia « tu » ili waonekane karibu zaidi. Kwa maoni yangu ni kumnyang'anya mtu hadhi yake wakati ambapo tayari amevalishwa gauni la wodi na anageuzwa na watu asiowajua.

Kosa la sarufi lenyewe liko kwenye « J'espère que vous soyez ». Kitenzi espérer katika sentensi ya namna hii hufuatwa na hali ya kawaida ya kuarifu, si ile ya subjonctif, kwa hiyo ingekuwa « J'espère que vous serez vite rétablie ». Kosa hili huwapata wengi kwa sababu souhaiter, kitenzi kilicho jirani yake kwa maana, hutaka subjonctif. Njia rahisi ya kulikwepa ni kutumia nomino: « Je vous souhaite un prompt rétablissement ». Hapo hakuna kitenzi cha pili cha kubadilisha, na sentensi ni ile ambayo Mfaransa yeyote angeiandika.

Kuhusu « Que Dieu vous guérisse », sarufi yake ni sahihi kabisa, na hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawalipendi. Katika Kifaransa cha Bujumbura au Lubumbashi sala hiyo ni ya kawaida na inapendeza, na anayeiacha ndiye angeonekana mkavu. Katika ofisi ya Ufaransa, imani ya mtu huhesabiwa kuwa faragha yake kama ulivyo ugonjwa wake, na anayefanya kazi katika utumishi wa umma anafungwa pia na sheria inayomtaka asionyeshe dini yake akiwa kazini. Ikiwa unajua kwamba mgonjwa ni mtu wa dini, na mmewahi kuzungumza habari hizo, mwandikie sala yako kwa moyo wote. Ikiwa hujui, mwombee kwenye mswala wako au kanisani kwako; dua haihitaji kupita kwenye kadi ili ifike.

Mwisho wa rasimu, « Cordialement » ndilo neno linalofunga barua pepe za ankara na ratiba za mikutano, na kwa mgonjwa linasomeka kama baridi. « Bien amicalement » linatosha kwa mwenzako wa kazi, na « Je t'embrasse » huachiwa wale wa karibu mnaoambiana « tu ».

Ujumbe tuliouandika mwishowe ni huu:

« Chère Sylvie,

J'ai appris votre hospitalisation et je pense bien à vous. Ne vous inquiétez surtout pas pour le bureau : nous nous occupons de tout. Reposez-vous, prenez le temps qu'il faut, et ne vous sentez pas obligée de me répondre.

Je vous souhaite un prompt rétablissement.

Bien amicalement, »

kisha jina lake, kwa mkono.

Ukiutazama vizuri, utaona kwamba kila sentensi inamwondolea Sylvie mzigo fulani. Ya kwanza inamwambia kwamba anakumbukwa, bila kumtaka aeleze chochote. Ile ya ofisi inamtua kazi, na inapaswa kuwa ya kweli: usiandike kwamba mnashughulikia kila kitu halafu umpigie simu kesho yake kumuuliza faili liko wapi. Ile ya kutolazimika kujibu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mtu aliyetoka kwenye chumba cha upasuaji akakuta jumbe thelathini za kujibu amepewa kazi nyingine. Neno « obligée » lina e ya pili kwa kuwa Sylvie ni mwanamke, na halina s kwa kuwa « vous » hapa ni ya mtu mmoja. Kwa mwanamume lingekuwa « obligé ». Nafasi ndogo kabla ya nukta mbili nayo ni ya lazima katika uandishi wa Kifaransa.

Kama mngekuwa mnaambiana « tu », ujumbe ungegeuka wote kuanzia mwanzo hadi mwisho: « ton hospitalisation », « je pense bien à toi », « ne t'inquiète surtout pas », « repose-toi », « prends le temps qu'il faut », « ne te sens pas obligée », « je te souhaite ». Angalia kwamba « repose » haina s katika kuamrisha ilhali « prends » inayo. Vitenzi vinavyoishia na -er huiacha s hiyo, na ndiyo sehemu ambayo hata wenyeji huteleza.

Kuna hali moja ambayo ujumbe huu haufai, nayo inastahili uangalifu kuliko sarufi yote. Ukijua kwa hakika, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe amekwambia, kwamba ugonjwa ni mzito na huenda usipone, « prompt rétablissement » linakuwa neno la kuumiza, na « guérison », yaani kupona kabisa, linaumiza zaidi. Hapo Wafaransa huacha kutabiri na kubaki na uwepo wao: « Je pense très fort à vous et je vous souhaite beaucoup de courage ». Kwetu mtu angemwambia mgonjwa wa namna hiyo kwamba Mungu ndiye muweza, na kauli hiyo ina nguvu kwa sababu haiahidi tarehe. Kifaransa cha ofisini hakina kauli inayolingana nayo, na hapo nakiri kwamba lugha yetu imejaliwa zaidi.

Wala sidai kwamba kadi inatosha. Kinachokosekana huku ni hatua inayofuata, ile ya watu wawili watatu kutoka kazini kwenda kukaa na mgonjwa nusu saa, na ninaamini sisi tulio ugenini tunaweza kuileta bila kuvunja adabu ya wenyeji. Jambo la kufanya ni kuongeza sentensi moja kabla ya matashi ya kupona: « Si une visite vous fait plaisir, dites-le-moi, je viendrai volontiers. » Sentensi hiyo inamwachia mgonjwa uamuzi, na asipojibu, maneno yaliyotangulia yamekwisha kumpa ruhusa ya kunyamaza. Ndugu yangu aliiongeza. Sylvie alimjibu siku chache baadaye kwamba angefurahi kumwona siku ya Jumamosi, mchana, na kwamba asilete maua kwa sababu wodi ile hairuhusu. Alikwenda na machungwa.